Kipimo cha Msingi, Usafishaji wa Orodha ya Bidhaa na Mafunzo ya Watumishi katika Kuanzisha Programu ya Kusimamia Bidhaa: Mfano wa Duka la Nafaka na Mbegu Himo, Kilimanjaro

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi programu mpya ya kusimamia bidhaa inavyoanzishwa katika duka linalonunua nafaka kwa gunia na kuiuza kwa debe, sado na kilo. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya upungufu unaojitokeza katika miezi ya mwanzo hutokana na namna vipimo vilivyoingizwa katika programu, na si wizi wala uzembe. Hesabu zimefanywa kwa duka la mfano la Himo, na programu iliyotumika kueleza hatua ni ERPNext, ambayo msimbo wake uko wazi kwa umma. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha kiwango ambacho chini yake takwimu za programu haziwezi kutumiwa kumtuhumu mtumishi.

1. Utangulizi

Himo ni mji wa biashara katika Wilaya ya Moshi, mkoani Kilimanjaro. Mji huo upo mahali ambapo barabara kuu ya kutoka Moshi kuelekea Dar es Salaam hukutana na barabara ya Holili, inayoelekea mpakani na Taveta nchini Kenya. Kutoka hapo pia barabara hupanda Marangu na kuendelea Rombo. Kwa sababu ya nafasi hiyo, nafaka inayoletwa Himo hupita mikononi mwa watu wanaotumia vipimo tofauti. Mkulima huleta gunia, msafirishaji huhesabu kilo, mama wa nyumbani hununua debe au sado, na mwenye hoteli huomba apimiwe kwenye mizani.

Kwa mfanyabiashara anayetunza daftari, tofauti hizo hazimsumbui sana, kwa kuwa daftari humruhusu kuandika "gunia 3 na debe 2" katika mstari mmoja. Programu ya kompyuta haina uvumilivu huo. Kila bidhaa lazima iwe na kipimo kimoja cha msingi, na vipimo vingine vyote lazima vigeuzwe kuwa kipimo hicho kwa namba isiyobadilika. Namba hiyo itaitwa hapa kiwango cha ubadilishaji. Ikiwa imekosewa, programu hurudia kosa lilelile katika kila mauzo kwa uaminifu kamili, na mwisho wa mwezi hutoa salio ambalo halilingani na kilichomo stoo.

Duka linalojadiliwa ni la mfano. Lina stoo moja, wauzaji wawili, mpokeaji mizigo mmoja na mwenye duka. Tarakimu zake zimepangwa kwa ajili ya kuonyesha hesabu, na bei zilizotumika si bei za soko za msimu wowote.

2. Usafishaji wa orodha ya bidhaa

Kazi ya kwanza hufanyika nje ya programu, katika jedwali la kawaida la kompyuta. Majina yote yanayoonekana katika daftari la mauzo, daftari la mapokezi na orodha ya bei huandikwa jinsi yalivyo, bila kusahihishwa. Kisha jedwali hupangwa kwa alfabeti ili majina yanayofanana yakaribiane. Katika duka la mfano, neno "mahindi" lilijitokeza kwa sura tano: "Mahindi", "mahindi meupe", "Mahindi mapya", "Mahindi Kiteto" na "Mbegu mahindi".

Kosa la kawaida hapa ni kuunganisha yote kwa sababu yanafanana, au kuyaacha yote kwa sababu yanatofautiana. Swali linalosaidia kuamua ni hili: je, mteja aliyeomba bidhaa ya kwanza akipewa ya pili kwa bei ileile, ataridhika? Akiridhika, hiyo ni bidhaa moja. "Mahindi", "mahindi meupe" na "Mahindi Kiteto" humwagwa katika rundo moja na kuuzwa kwa bei moja, hivyo basi ni bidhaa moja. "Mahindi mapya" hayana budi kutenganishwa, kwa kuwa bado yana unyevu na huuzwa kwa bei tofauti mpaka yakauke. "Mbegu mahindi" si nafaka kabisa. Hizo ni pakiti zilizofungwa, zinazouzwa moja moja, na kila aina ya mbegu ni bidhaa inayojitegemea.

Baada ya uamuzi huo, kila bidhaa hupewa namba ya utambulisho isiyobeba maelezo yanayoweza kubadilika. Kuweka bei, jina la msambazaji au mwaka wa msimu ndani ya namba hiyo ni kujitafutia kazi ya kuibadilisha baadaye. Jedwali lililosafishwa huingizwa kwa kutumia `Data Import`, na mistari yake ya kwanza inaweza kuwa hivi:

```
item_code,item_name,item_group,stock_uom
NAF-001,Mahindi meupe makavu,Nafaka,Kg
NAF-002,Mahindi mapya,Nafaka,Kg
NAF-003,Maharage ya njano,Nafaka,Kg
MBG-001,Mbegu ya mahindi pakiti kilo 2,Mbegu,Pakiti
```

Ni vyema jedwali la zamani lisifutwe. Safu moja huongezwa pembeni mwa kila jina la awali, ikionyesha namba mpya ambayo jina hilo limehamia. Safu hiyo ndiyo itakayojibu swali la muuzaji atakayeuliza, wiki tatu baadaye, "Mahindi Kiteto" yamekwenda wapi.

3. Uchaguzi wa kipimo cha msingi

Safu ya mwisho ya jedwali hilo, `stock_uom`, ndiyo inayobeba uamuzi mgumu kuliko yote. Katika ERPNext, kipimo cha msingi kikishatumika katika muamala mmoja tu, hakiwezi kubadilishwa moja kwa moja. Programu hukataa na kumtaka mtumiaji aunde bidhaa mpya. Kwa hiyo uamuzi huu hufanywa kabla ya gunia la kwanza kupokelewa.

Mwenye duka kwa kawaida hupendelea gunia, kwa sababu ndilo analonunulia. Uchaguzi huo una kasoro mbili. Ya kwanza ni ya kihesabu. Kwa mazoea ya soko, gunia moja huchukuliwa kuwa madebe sita, hivyo debe ni sehemu ya sita ya gunia, yaani 0.1666 isiyokwisha. Programu iliyowekewa tarakimu tatu baada ya nukta itahifadhi 0.167. Baada ya kuuza madebe 600, programu itakuwa imetoa gunia 100.2 badala ya 100. Hiyo ni tofauti ya kilo 20 ambayo hakuna mtu aliyeichukua.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Gunia ni chombo cha kubebea, na uzito wake hutegemea aliyelijaza. Tatizo la lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, limepigwa marufuku na mamlaka za nchi, na Wakala wa Vipimo, unaosimamia Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, umekuwa ukiwahimiza wakulima na wanunuzi watumie mizani. Ikiwa kipimo cha msingi ni gunia, programu itahesabu gunia la kilo 96 na la kilo 112 kuwa kitu kimoja.

Kanuni inayopendekezwa ni kwamba kipimo cha msingi kiwe kile kinachoweza kuthibitishwa kwa chombo kilichokaguliwa, na ambacho vipimo vingine vyote ni vizidisho vyake. Kwa nafaka, kipimo hicho ni kilo. Kwa pakiti za mbegu, ni pakiti. Wakati wa kuunda kipimo `Pakiti`, alama huwekwa kwenye kisanduku cha `Must be Whole Number`, ili muuzaji asiweze kuandika nusu pakiti. Kipimo `Kg` huachwa bila alama hiyo, kwa kuwa kilo moja na nusu ya maharage ni mauzo halali.

4. Kiwango cha ubadilishaji cha debe na sado

Debe ni kipimo cha ujazo, yaani lita 20. Sado, lililopata umaarufu kutokana na kopo la rangi, hubeba lita 4. Kilo ni kipimo cha uzito. Baina ya ujazo na uzito hakuna namba moja inayofaa bidhaa zote. Debe la mfuto la mahindi makavu huwa karibu na kilo 15, ilhali debe hilohilo likijazwa mbegu za alizeti halifikii kilo 10. Kwa hiyo kiwango cha debe hakiwekwi katika jedwali la jumla la programu, `UOM Conversion Factor`, linalohusu bidhaa zote. Huwekwa ndani ya kila bidhaa, katika jedwali lake la `UOMs`. Jedwali la jumla libakiziwe uhusiano usiobadilika, kama vile tani moja kuwa kilo 1,000.

Namba ya kuweka haipatikani kwa kuuliza, hupatikana kwa kupima. Muuzaji yuleyule anayehudumia wateja hujaza debe mara kumi, jinsi anavyojaza siku zote, na kila mara debe hupimwa kwenye mizani baada ya kuondoa uzito wa chombo. Katika duka la mfano, debe la mfuto, yaani lililosawazishwa kwa ubao, lilitoa wastani wa kilo 15.2, dogo kabisa likiwa 14.9 na kubwa kabisa 15.5. Lakini wauzaji hawakuwa wakiuza kwa mfuto. Walijaza hadi kilele, kama wateja walivyozoea, na wastani wa debe hilo ulikuwa kilo 17.6.

Matokeo ya kutopima yanaonekana katika hesabu ifuatayo. Duka lilipokea magunia 40 yaliyopimwa kuwa kilo 4,000. Kabla ya vipimo kurekebishwa, programu ilikuwa imeambiwa kwamba gunia ni madebe 6, hivyo ilionyesha madebe 240. Wauzaji walipouza debe la kilo 17.6, mahindi yalikwisha baada ya debe la 227, kwa kuwa 227 × 17.6 ni kilo 3,995.2. Stoo ilibakiwa na kilo 4.8, lakini programu ilionyesha kuwa yapo madebe 13. Kwa bei ya mfano ya shilingi 15,000 kwa debe, hiyo ni shilingi 195,000.

Mwenye duka anayeona karatasi hiyo bila kujua ilivyotengenezwa ana maelezo mamoja tu mbele yake: muuzaji amechukua. Iwapo upungufu hukatwa kwenye mshahara, kama inavyofanyika katika maduka mengi, muuzaji atalipa gharama ya namba iliyowekwa na mtu mwingine. Ukweli ni kwamba madebe hayo 13 yaligawanywa kwa wateja 227, kila mmoja akipata kilele chake.

Dalili inayotofautisha kosa la kiwango na wizi ni uwiano. Kosa la kiwango hukua sambamba na mauzo. Bidhaa iliyouzwa mara mbili zaidi huonyesha upungufu mara mbili zaidi, na asilimia yake hubaki ileile bila kujali ni muuzaji gani aliyekuwa zamu. Katika mfano huu, 13 kwa 240 ni takribani asilimia 5.4, na duka lingepata asilimia hiyohiyo katika shehena iliyofuata. Upungufu usiofuata mauzo, unaojitokeza ghafla kati ya hesabu mbili au katika zamu fulani tu, ndio unaodai uchunguzi wa namna nyingine.

Baada ya kupima, mwenye duka ana njia mbili. Anaweza kuandika 17.6 kama kiwango cha debe na kupanga bei kwa kuzingatia uzito huo, au kuamua kuuza kwa mfuto na kuandika 15.2. Asichoweza ni kuandika namba moja na kuuza kwa nyingine. Tahadhari hiyohiyo inahusu sado. Kwa ujazo, sado tano hufanya debe moja, lakini sado tano zilizojazwa hadi kilele zina vilele vitano, ilhali debe lina kimoja. Hivyo sado hupimwa peke yake, wala haikadiriwi kwa kugawanya debe kwa tano.

5. Salio la kufungulia

Programu huanza na salio lililohesabiwa siku moja, duka likiwa limefungwa. Watu wawili huhesabu kila bidhaa bila kuona daftari, kwa sababu mwenye kuona namba inayotarajiwa huelekea kuifikia. Wakitofautiana, huhesabu upya. Matokeo huingizwa katika `Stock Reconciliation`, kusudio likiwa `Opening Stock`.

Hapa ndipo kosa la pili la vipimo hujificha, safari hii katika thamani. Programu huuliza gharama ya kipimo kimoja cha msingi, nayo sasa ni kilo. Mwenye duka aliyezoea gunia huandika gharama ya gunia. Kama gunia lilinunuliwa kwa shilingi 65,000, kilo 4,000 zina thamani ya shilingi 2,600,000. Akiandika 65,000 mahali pa kilo, programu itaonyesha shilingi 260,000,000. Idadi ya kilo itakuwa sahihi, hivyo mtu wa stoo hataona tatizo lolote. Kosa hili hugunduliwa kwa kulinganisha jumla ya thamani ya stoo na makadirio ya mwenye duka kabla ya kuthibitisha hati. Jumla inayopita makadirio mara kumi au mia kwa kawaida ina gunia ndani yake.

Jambo la mwisho la kuandaa ni upungufu wa kukauka. Mahindi yaliyopokelewa yakiwa na unyevu wa asilimia 16 yakikauka hadi asilimia 13.5, ambacho ni kikomo cha kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi, hupungua uzito pasipo punje hata moja kupotea. Sehemu kavu ya kilo 4,000 ni asilimia 84, yaani kilo 3,360. Ukigawanya kwa 0.865 unapata takribani kilo 3,884. Kilo 116 zimekwenda hewani. Ndiyo sababu "Mahindi mapya" yalitenganishwa katika sehemu ya 2. Yanapokauka hupimwa upya na kuhamishwa kwenda NAF-001, na tofauti huandikwa kwa jina lake, kukauka, badala ya kuachwa ijitokeze mwisho wa mwezi kama upungufu usio na maelezo.

6. Mafunzo ya watumishi

Mafunzo yanayoanza kwa kuonyesha kila kitufe cha programu huwachosha watu ambao watatumia kurasa mbili au tatu tu. Katika duka la mfano, mpokeaji alihitaji kujua kupokea mzigo, muuzaji kuandika mauzo, na mwenye duka kusoma leja na kusahihisha salio. Kila mmoja alifundishwa kazi yake kwa miamala halisi ya juma lililopita iliyochukuliwa katika daftari, kwenye nakala ya majaribio ya programu.

Kosa ambalo mafunzo yanapaswa kulilenga kuliko yote ni la kuchagua kipimo. Mteja husema "nipe debe tatu", muuzaji huandika 3, na programu huweka `Kg` yenyewe kwa kuwa ndicho kipimo cha msingi. Stoo imetoa kilo 52.8, programu imetoa kilo 3. Kwa kuwa fedha iliyopokelewa ni ya madebe matatu, muuzaji makini hugundua kosa anapoona jumla ya risiti ni ndogo mno. Asiye makini hurekebisha bei kwa mkono ili jumla ilingane na fedha, na hapo kosa hupoteza alama yake. Kwa sababu hiyo, muuzaji hufundishwa kanuni moja: bei isipolingana, angalia kipimo kwanza, usiguse bei. Vilevile, bidhaa ambayo wateja wengi huinunua kwa debe inaweza kuwekewa debe katika `Default Sales Unit of Measure`, ili chaguo la kwanza lifanane na usemi wa mteja.

Mpokeaji naye ana kishawishi chake. Mzigo ukifika jioni, hushushwa na kuanza kuuzwa kabla haujaandikwa. Programu itakataa kuuza kisichokuwapo, na mtu atapendekeza kuwasha `Allow Negative Stock` ili kazi iendelee. Kufanya hivyo huondoa mlinzi pekee anayeonyesha kwamba mapokezi yamechelewa kuandikwa. Suluhisho ni mpokeaji kuandika mapokezi kwa kilo zilizosomwa kwenye mizani kabla ya gunia kufunguliwa.

Kwa majuma mawili ya mwanzo, daftari na programu huenda pamoja. Kila jioni bidhaa moja huchaguliwa na kuhesabiwa na muuzaji mwenyewe, si msimamizi. Zoezi hilo huchukua dakika chache, na humfundisha muuzaji kwamba salio la programu ni madai yanayoweza kupimwa.

7. Mipaka ya matokeo

Hata baada ya hatua hizi zote, programu haijui zaidi ya vipimo ilivyopewa. Katika vipimo kumi vya debe la mfuto, tofauti kutoka kwenye wastani ilifikia kilo 0.3, yaani takribani asilimia 2. Katika mauzo mengi, madebe yaliyozidi na yaliyopungua hufidiana kwa sehemu. Lakini mkono wa muuzaji mmoja unaweza kuelemea upande mmoja daima, na vipimo kumi haviwezi kuondoa uwezekano huo. Kwa hiyo, kwa bidhaa inayouzwa kwa ujazo, upungufu ulio chini ya asilimia 2 ya kiasi kilichouzwa hauna maana ya kiuchunguzi. Kikomo hicho ni cha duka hili pekee. Duka jingine litapata chake kwa kupima madebe yake, na kupima upya kila linapobadilisha chombo, muuzaji au msimu wa mahindi.

8. Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba usafishaji wa majina, uchaguzi wa kipimo cha msingi, upimaji wa viwango vya ubadilishaji na mafunzo ni mnyororo mmoja. Kosa la hatua ya kwanza hujitokeza katika hatua ya mwisho likiwa limevaa sura ya upungufu wa stoo. Kwa duka la nafaka la Himo, inapendekezwa kilo iwe kipimo cha msingi, debe na sado zipimwe kwa kila bidhaa, na kukauka kuandikwe kwa jina lake. Aidha, kabla ya mtumishi yeyote kukatwa fedha kwa upungufu uliotolewa na programu, mwenye duka apime debe mara kumi mbele yake na kulinganisha na namba iliyomo ndani ya programu. Mizani ikionyesha 17.6 na programu ikisema nyingine, deni hilo si la muuzaji.